Vile nilivyojifunza kusoma bandaun chati, laini ya mpango na laini ya kazi iliyobaki

Sie tuko watu wanne, madevelopa watatu na dada mmoja wa kutesti, ofisi yetu iko Tudor, na kazi ninayoisimulia ilikuwa ni sistimu ya kufuatilia makontena ya kampuni moja ya kliaringi hapa Mombasa. Sprinti zetu, yaani vipindi tunavyojipangia kazi, ni za wiki mbili, Jumatatu mpaka Ijumaa ya wiki ya pili, yaani siku 10 za kazi. Sprinti hii tulikubali pointi 40, pointi ni makadirio yetu ya ukubwa wa kazi, na mie ndiye niliyepewa kushika bandaun chati, ile ya kuonyesha kila siku kazi imebaki kiasi gani.

Chati yenyewe naichora kwenye eksel halafu naihamishia kwa maka kwenye ubao ukutani ili kila anayeingia aione. Chini ni siku, kuanzia 0 mpaka 10, pembeni ni pointi zilizobaki. Laini ya mpango ni nyepesi, yaanza 40 yateremka moja kwa moja mpaka 0, kwa hivyo kila siku yashuka 4:

```
=40-(40/10)*A2
```

A2 hapo ni namba ya siku. Nahesabu siku za kazi peke yake, maana ukiweka Jumamosi na Jumapili ndani laini ya mpango itaendelea kushuka na watu wako nyumbani, Jumatatu asubuhi uone mumechelewa na hakuna aliyechelewa. Laini ya pili ndiyo ya kweli, kila kipande cha kazi kina kadi yake yenye pointi, na kila jioni najumlisha pointi za kadi ambazo hazijaisha, naweka nukta nyekundu. Na kadi kwetu imeisha ikishatestiwa ikapita, kabla ya hapo ina pointi zake zote, hata kama imebaki kidogo tu.

Basi siku ya kwanza jioni 40, ya pili 40, ya tatu 37, ya nne 37. Laini ya mpango siku ya nne iko kwenye 24. Pengo la pointi 13, ukigawa kwa 4 ni zaidi ya siku tatu nyuma na tumefanya kazi siku nne tu! Mie kwanza nilidhani madevelopa wanakokota, na nilikuwa nishajitayarisha kuwaambia wabaki jioni. Kabla sijafungua mdomo nikaenda kwenye bodi, pale kadi zinapopangwa kwa safu kulingana na zilipofika, kuhesabu ziko safu gani, na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho chati peke yake haikuambii. Pengo lakuonyesha mko nyuma kiasi gani, kazi imekwama wapi hapo lazima uende kwenye bodi.

Kadi iliyoisha ilikuwa moja, pointi 3. Kwenye safu ya kutesti kulikuwa na kadi tatu, za pointi 8, 8 na 5, jumla 21, zimeshaandikwa zote zangoja. Kadi moja ya 8 ilikuwa yaendelea, na ambazo hazijaguswa zilikuwa mbili, ya 5 na ya 3. Kwa hivyo madevelopa walikuwa wamekimbia vizuri sana, shida ilikuwa mlangoni. Nikamuuliza dada yetu, "Dada, hizi tatu zina nini?" Akanambia, "Kaka, tangu Jumanne nimeomba paswedi ya seva ya kutesti, niliandika kwenye grupu, hakuna aliyenijibu." Nikafungua wasap nikapanda juu na kweli ujumbe wake upo, umefunikwa na mazungumzo ya chakula cha mchana. Ile laini iliyolala siku mbili mbili maana yake ilikuwa hiyo paswedi. Kama ningewabakisha watu jioni wangeandika kadi nyingine, zingeenda kujipanga nyuma ya zile tatu na laini isingeshuka hata pointi moja.

Alhamisi ile ile akapata paswedi, na nikamwomba developa mmoja aache kuanza kadi mpya amsaidie kutesti zile ambazo hakuandika yeye. Ijumaa, pamoja na kuwa watu walitoka kwenda kuswali na wengine walirudi saa tisa, ya 5 na 8 moja zilipita, laini ikaanguka kutoka 37 mpaka 24 kwa siku moja. Mpango ulikuwa 20. Na hapa nasema wazi, usifurahie mwanguko kama huo ukadhani mumeongeza mwendo, ni kazi ya wiki nzima imehesabiwa siku moja.

Jumatatu, siku ya sita, ndiyo iliyonifunza zaidi. Ile 8 ya pili ilipita, lakini jioni chati bado yasoma 24. Tajiri wetu akaja akasimama mbele ya ubao, akaweka kidole kwenye ile laini iliyolala akaniuliza, "Mwanangu, leo hamukufanya kazi?" Swali lake lilikuwa na haki kabisa kwa alichokiona. Kilichotokea ni kwamba mchana klaenti alipiga simu akataka ukurasa wa gharama za kontena zikizidisha siku bandarini, tukaukadiria pointi 8 nikauingiza kwenye sprinti. Nane zimetoka, nane zimeingia, laini haikusogea. Laini moja haiwezi kukutofautishia siku ambayo hakuna kilichoisha na siku ambayo kazi imeisha ikaongezwa nyingine.

Usiku ule nikaongeza safu ya D kwenye eksel, pointi zilizoongezwa siku hiyo, na zikitolewa naandika kwa alama ya kutoa. C ni zilizobaki. Kisha E yanipa zilizoisha kweli:

```
=C2-C3+D3
```

Siku ya sita ikasoma 24-24+8, yaani 8. Tajiri akaridhika. Laini ya mpango sikuigusa, niliiacha vile vile kutoka 40, maana ukiichora upya kila kazi ikiongezwa utaonekana uko sawa kila siku na hutajua kilichowavuta nyuma.

Sasa nikawa na hesabu ya kumpelekea klaenti. Siku sita tumemaliza 24, mwendo ni 4 kwa siku, zimebaki siku nne, basi twaweza 16 na mezani kuna 24. Nikaenda ofisini kwake Kilindini na karatasi nikamwambia mzee, ukurasa huu wako mpya twaufanya, lakini zitoke pointi 8 nyingine. Akazitazama akatoa zile mbili ambazo hazijaguswa, ya 5 na ya 3. Siku ya saba laini ikashuka mpaka 16, na E ikasoma 0, kwa hivyo hakuna aliyedanganyika kuwa tulimaliza kitu siku ile.

Ukurasa mpya tuliugawa mara mbili, 3 na 5, tusirudie kukaa na kadi kubwa isiyohesabika. Siku ya nane 13, ya tisa ile 8 ya zamani ikapita ikabaki 5. Ijumaa ya mwisho hiyo 5 ilikuwa yafunguka kwenye kompyuta ya developa lakini haijatestiwa, akaniomba niiandike angalau 2. Nikakataa. Chati ikafungwa kwenye 5, tumemaliza 35, na Jumatatu tulipokaa kupanga sprinti mpya tulichukua 35 na hiyo 5 ikiwa ndani, laini ya mpango nikaichora inashuka 3.5 kwa siku.