Siku niliyorudisha granti ya shangazi

Shangazi alipoandika wosia wake aliniweka mimi msimamizi, si mtoto wake hata mmoja, na hakuniambia. Nilijua siku ya matanga, wakili mmoja wa Mombasa alipotufungulia karatasi sebuleni. Wote waliniangalia, nikaona aibu kukataa mbele za watu, nikasema sawa.

Hapo ndipo nilipokosea, maana wakati ule ingekua rahisi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinamruhusu aliyetajwa kwenye wosia akatae kazi kwa kutamka mbele ya mahakama au kwa maandishi yenye sahihi yake, na akishakataa hawezi kurudi baadaye kuomba granti, ile hati ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu. Mimi sikukataa. Niliomba granti, nikapewa, nikaanza kukusanya kodi ya vile vyumba 6 vya Voi, kila kimoja 4,000 kwa mwezi.

Shida ni kwamba shangazi alikua na deni langu. Nilimkopesha 180,000 alipokua anaugua, hatukuandikiana chochote, nilichobaki nacho ni meseji za kutuma pesa kwenye simu. Sasa mimi ndiye mdai na mimi ndiye ninayeamua nani alipwe kutoka kwa mali yake. Mara ya kwanza nilipofungua lile daftari la kodi nikaona pesa zimekaa pale, mkono ulinitetemeka kweli, maana ningeweza kujilipa na hakuna ambaye angejua. Sikujilipa. Lakini binamu zangu walikua wameshaanza kunong'ona, na mimi nikajiuliza kama ningekua wao ningeniamini? Juu ya hayo kazi ilinihamishia Kisumu, bomba likipasuka Voi napigiwa simu usiku na sina la kufanya.

Nikaandika barua ya kujiuzulu nikaituma kwa familia. Nikadhani nimemaliza. Kumbe hapana. Mama wakili niliyemwendea alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia, "Mwanangu, familia haikukupa hiyo kazi, hawawezi kukutoa. Granti imetoka mahakamani, lazima irudi mahakamani. Mpaka siku hiyo kila shilingi ya marehemu iko mikononi mwako." Akaniuliza kama nimeshapeleka orodha ya mali na hesabu kortini. Sheria inataka iwe ndani ya miezi 6 tangu granti, na mimi nilikua wa 9. Sikua nimepeleka kitu.

Tukaomba granti ibatilishwe chini ya kifungu cha 76. Kwenye hati ya kiapo alinikataza kuandika tu "sababu za kibinafsi", akasema jaji anataka kujua kwa nini mali itakua salama zaidi bila mimi kuliko nikiwepo. Kwa hivyo nikaapa wazi kwamba namdai marehemu, ni kiasi gani, na kwamba sijajilipa hata senti. Nikaeleza kuhusu Kisumu. Nikakiri kwamba nimechelewa na hesabu. Kisha orodha yenyewe, nyumba ya Voi, kiwanja na akiba ya sako, pamoja na madeni, nilichopokea, nilicholipa, na kilichobaki.

Hapo kwenye kilichobaki ndipo nilipokesha. Kodi niliyopokea ilikua 208,000, maana chumba kimoja kilikaa miezi 2 bila mtu. Malipo yalikua 140,500, mengi bili ya hospitali na ukarabati. Ingebaki 67,500 lakini benki ilikua na 63,200. Nilitafuta ile 4,300 usiku mzima, nikaikumbuka alfajiri, ni fundi wa pampu nilimlipa taslimu bila risiti. Nikamwambia mama wakili nitaweka yangu nifunike. Akakataa kabisa, akasema andika vile ilivyokua, na umtafute huyo fundi. Fundi alipatikana, akaandika karatasi akatia sahihi.

Jambo lingine ni kwamba mali haiwezi kubaki bila mtu. Wosia haukua na jina la pili, ikabidi warithi wote wakubaliane na kutia sahihi kwamba binti mkubwa wa shangazi aombe usimamizi wa mali iliyobaki, wosia ukiwa umeambatishwa, ili mahakama inivue mimi na kumvisha yeye siku hiyo hiyo.

Jaji alisoma hesabu polepole. Aliniuliza swali moja tu, "Hizo 63,200 ziko wapi leo?" Nikampa stetimenti ya benki ya jana yake. Akabatilisha granti yangu, nikairudisha ile ya asili, na akasema deni langu nilipeleke kwa msimamizi mpya na ushahidi kama mdai mwingine yeyote.

Nje kwenye ngazi za korti nilimpa dadangu, yule binti wa shangazi, daftari, funguo 6 na bahasha ya risiti. Tukahesabu risiti moja moja tukiwa tumesimama juani, zikafika 41, akatia sahihi kwamba amepokea.