Betri ya volti 51.2, ripoti ya volti 3.2: nilivyokagua hati za maabara kabla ya kulipa

Nilipokuwa naagiza betri 20 za lithiamu za kuhifadhia umeme wa jua, kila moja volti 51.2 na Ah 100, muuzaji wa China alinitumia hati nne pamoja na profoma: ripoti ya maabara ya IEC 62619, kiwango cha usalama wa betri kubwa za lithiamu, cheti cha CB kinachotambua kimataifa matokeo ya maabara, hati ya CE na ripoti ya UN 38.3. Kuzikagua kulinichukua siku sita, nyingi zikiwa za kusubiri majibu ya barua pepe, na gharama ilikuwa bando tu. Naeleza nilivyokwenda, kwa sababu waagizaji wengi huanza kwa kutazama mihuri, na mihuri ndiyo inayosema machache kuliko vyote.

Hati iliyoghushiwa tangu mwanzo hadi mwisho hubainika mapema. Inayoumiza ni hati halali, ya maabara halali, inayozungumzia kitu tofauti na unachonunua. Kwa hiyo swali langu la kwanza siyo nani katoa hati, bali ni kitu gani hasa kilichopimwa.

Jibu liko kwenye kurasa mbili za mwanzo za ripoti, kwenye mistari iliyoandikwa "Test item description", "Model/Type reference" na "Ratings". Ya kwanza inataja aina ya kitu, ya pili modeli, ya tatu uwezo wake wa umeme. Kwenye ripoti niliyotumiwa, mstari wa "Ratings" ulisomeka 3.2 V, 100 Ah. Betri niliyotaka ni ya volti 51.2. Gawanya 51.2 kwa 3.2, unapata 16. Yaani betri yangu imeundwa kwa seli 16 zilizofuatana, na ripoti ile ilikuwa ya seli moja tu kati ya hizo.

Tofauti hiyo si ndogo. Kiwango cha IEC 62619 kina vipimo vya seli yenyewe, kama vile kuipigisha shoti, kuiangusha, kuipasha joto na kuichaji kupita kiasi. Kisha kipo kifungu cha 8, kinachohusu betri nzima pamoja na BMS, ile bodi inayolinda seli: je, inakata umeme volti zikizidi? Mkondo wa kuchaji ukizidi? Joto likipanda? Seli nzuri zikifungwa kwa BMS mbovu, unayo betri ya hatari ndani ya nyumba ya mteja. Kwenye ripoti ile, safu ya matokeo ya kifungu cha 8 ilikuwa imejaa N/A, maana yake kipimo hakihusiki na sampuli hii. Wengi hupitisha macho kutafuta F, alama ya kufeli, wasipoiona wakaridhika. Mimi hutafuta N/A, kisha nauliza kila moja kwa nini haikuhusika. Kwa seli moja, N/A za kifungu cha 8 ni sahihi kabisa. Kwa betri nzima, hazikubaliki.

Cheti cha CB nilikitafuta mwenyewe kwenye `certificates.iecee.org`, ambako yeyote anaweza kuandika namba ya cheti na kuona kama kipo. Kilikuwepo. Lakini bidhaa iliyotajwa ilikuwa seli, uwezo ni uleule wa volti 3.2. Hivyo hati mbili zilikuwa za kweli, na zote mbili hazikuihusu betri yangu.

Hati ya CE haikunichukua hata dakika kumi. Iliandikwa kwamba imetolewa chini ya agizo la Ulaya la vifaa vya umeme, LVD, namba 2014/35/EU. Agizo hilo kwa umeme wa DC linaanzia volti 75 hadi 1500. Betri ya volti 51.2 haimo humo kabisa. Tena, hata kwa kifaa kilichomo, agizo hilo halimtaki mtengenezaji apewe cheti na taasisi ya nje. Yeye mwenyewe ndiye anayetangaza ulinganifu na kubeba dhamana. Karatasi yenye fremu ya dhahabu na maneno "CE Certificate" kwa betri hii haithibitishi lolote. Nayo UN 38.3 ni ya usafirishaji: inaeleza kama betri itahimili mtikisiko, joto na mabadiliko ya shinikizo la hewa ikiwa njiani. Wakala wa meli ataihitaji, kwa hiyo uwe nayo, lakini usiikubali badala ya 62619.

Nilimwandikia muuzaji kwamba nahitaji ripoti ya betri nzima. Baada ya siku mbili ikaja nyingine, jalada lake likionyesha volti 51.2 na modeli ileile ya kwenye profoma. Hiyo ndiyo iliyohitaji jicho la karibu.

Jalada lilisema ripoti ina kurasa 46, na chini ya kila ukurasa kuliandikwa ni wa ngapi kati ya 46. Faili lilikuwa na kurasa 39. Zilizokosekana zilikuwa za picha za sampuli na jedwali la vipuri muhimu. Jedwali hilo ndilo linalotaja mtengenezaji na modeli ya seli, ya BMS na ya nyaya, na bila hilo huwezi kujua kama betri utakayopokea ni ile iliyopimwa. Ripoti za ISO/IEC 17025, kiwango ambacho maabara hupimwa nacho, kwa kawaida hubeba sentensi kwamba haziruhusiwi kunakiliwa nusu bila idhini ya maabara. Anayekutumia nusu, mdai iliyobaki kabla ya kusoma chochote.

Kisha nikakuza ukurasa wenye picha ya kibandiko cha bidhaa, unaoitwa "Copy of marking plate". Jalada lilisema modeli inaishia na herufi A. Kibandiko kilikuwa na jina la modeli tofauti kabisa. Wanaobadilisha ripoti huhariri maandishi ya jalada, kwa kuwa ni rahisi, na kuziacha picha, kwa kuwa ni kazi ngumu. Ndiyo maana nasoma picha kwa makini kuliko maandishi.

Faili lenyewe pia lina la kusema. Kwenye kompyuta yenye poppler-utils, programu za kuchunguza faili za PDF, niliandika:

```
pdfinfo ripoti.pdf
pdfsig ripoti.pdf
```

Amri ya kwanza inaonyesha tarehe ya kuundwa faili, tarehe ya kubadilishwa na programu iliyotumika. Ya pili inaonyesha kama kuna saini ya kidijitali na kama faili limeguswa baada ya kusainiwa. Langu lilikuwa limebadilishwa miezi minane baada ya tarehe ya ripoti, na halikuwa na saini yoyote. Huo si ushahidi wa kughushi, maana mtu akiskani karatasi halali tarehe zitakuwa mpya vilevile. Ni sababu ya kuuliza tu, nami sikumtuhumu muuzaji kwa hilo.

Hatua iliyofuata ilikuwa maabara yenyewe. Ripoti ilikuwa na nembo ya CNAS, chombo cha China kinachotoa ithibati kwa maabara, pamoja na namba inayoanza na herufi L. Sikubofya kiungo chochote kilichomo kwenye ripoti wala kuskani QR yake, kwa sababu QR inakupeleka anakotaka aliyeichora. Niliandika mwenyewe anwani ya CNAS, nikatafuta kwa namba. Maabara ilikuwepo na ithibati yake ilikuwa hai. Ila kuwepo hakutoshi. Ithibati hutolewa kwa wigo: orodha ya viwango na vipimo ambavyo maabara imeonekana kuviweza, katika jengo lenye anwani fulani. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya IEC 62133-2, ambayo ni ya betri ndogo za kubebeka, na isiwe nayo ya 62619. Haizuiwi kupima nje ya wigo wake, lakini kipimo hicho hakistahili kubeba nembo ya ithibati. Kwa hiyo nalinganisha vitu vitatu: namba ya kiwango pamoja na mwaka wa toleo, anwani ya jengo, na kama wigo ulikuwa hai tarehe ya kupima, siyo leo. Mwaka wa toleo una uzito wake: 62619 ina toleo la 2017 na la 2022, na wigo unaotaja la kwanza haulifuniki la pili kimyakimya.

Ukikutana na chombo cha ithibati usichokijua, tazama kama kimo kwenye orodha ya waliosaini makubaliano ya ILAC, ushirikiano wa kimataifa wa vyombo vya ithibati. CNAS imo, KENAS ya Kenya imo, na SADCAS inayohudumia maabara za Tanzania imo. Vipo vyombo vya kubuni vinavyopeana ithibati vyenyewe kwa vyenyewe, na nembo zao hupendeza sana.

Wigo wa maabara ile ulifunika 62619. Nikachukua barua pepe yake kutoka kwenye orodha ya CNAS, siyo ile iliyochapishwa kwenye ripoti, nikawatumia nakala niliyokuwa nayo na maswali matatu: je, namba hii ya ripoti ni yenu na tarehe ni hii? Modeli na uwezo kwenye jalada ni kama mlivyotoa? Je, imefutwa au kubadilishwa na nyingine? Usiombe wakutumie ripoti, watakataa, kwa kuwa wanawajibika kutunza siri ya mteja wao. Kuthibitisha nakala uliyo nayo ni jambo jingine, na maabara makini huwa tayari. Jibu lilikuja siku ya tatu, mistari miwili: namba ipo, ila nakala mliyotuma hailingani na kumbukumbu zetu.

Niliagiza kwa kiwanda kingine. Cheti chake cha CB kilitaja betri ya volti 51.2, modeli yenyewe, na jina la kiwanda kwenye nafasi ya "Factory". Jina la muuzaji kwenye profoma lilikuwa la kampuni ya biashara, tofauti na mwenye cheti, jambo la kawaida lisilo kosa. Nilidai barua ya mwenye cheti ikimtaja muuzaji, na nikaongeza kwenye oda: modeli kamili, namba ya ripoti, modeli ya seli na modeli ya BMS kama zilivyo kwenye jedwali la vipuri, na kwamba salio la asilimia 70 litalipwa baada ya picha za vibandiko.

Kwa cheti cha ulinganifu cha shehena, kinachotolewa chini ya utaratibu wa TBS wa kukagua bidhaa zilikotoka, nilithibitisha namba kwa kampuni iliyokitoa, kisha nikalinganisha namba ya invoisi, idadi na modeli. Kinafunika shehena hiyo peke yake. Betri zilipofika nilifungua moja kati ya zile 20, nikasoma maandishi kwenye bodi ya BMS kwa tochi: herufi na tarakimu zilikuwa zilezile za kwenye jedwali.