Siku moja maishani mwangu: siku ya barua ya UPS

Saa 1:30 asubuhi. Nashuka kwenye bodaboda nikitokea Pasua. Mimi ndiye fundi wa mtandao wa zahanati yetu ndogo hapa Moshi. Mvua ya usiku imeacha matope hadi mlangoni.

Saa 3:20. Umeme unakatika. Mlinzi anakimbilia jenereta, na baada ya dakika nne taa zinawaka. Lakini seva ilizimika ghafla, kwa hiyo inapowaka inaanza kukagua mafaili yake. Mapokezi mama mmoja amembeba mtoto mwenye homa. Majibu ya damu yalikuwa yanaingizwa umeme ulipokatika, hayakuhifadhiwa, na mtaalamu wa maabara anayachapa upya kutoka kwenye daftari. Nikitazama saa, dakika nne za giza zimetugharimu dakika ishirini na tano.

Saa 4:15. Maabara bado hawana mtandao. Taa ya tundu la tano kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta zetu, haiwaki. Nahamishia kebo ileile tundu la kumi, inawaka. Kebo ni nzima, tundu limekufa. Ni la tatu tangu masika yaanze.

Saa 6. Naandika: “YAH: MAOMBI YA BAJETI YA UPS NA SWICHI YA AKIBA.” UPS ni kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. Sianzi na vifaa, naanza na zile dakika ishirini na tano, maana ndizo mganga mfawidhi aliziona kwenye foleni.

Kisha hesabu. Kwa mita ya wati nimepata seva 65, swichi 18 na ruta 12, jumla wati 95. Jenereta likigoma tunahitaji nusu saa, yaani kama wati-saa 48. UPS ndogo yenye betri moja ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84 kwenye karatasi, ila ikitumika haraka hivyo hutoa takriban nusu tu. Haitoshi hata ikiwa mpya. Naomba yenye betri mbili za ampea-saa 9, na iunganishwe kwa waya wa USB ili seva ijizime kwa utaratibu kabla chaji haijaisha. Naongeza sentensi moja: printa ya leza isichomekwe humo, kwa sababu ikipasha joto huvuta mamia ya wati na UPS itazidiwa.

Saa 8:30. Nampelekea mhasibu barua na profoma mbili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Swichi ya pili ya nini, na hii inafanya kazi?”

Namwonyesha picha ya yale matundu matatu. Namweleza kwamba ikifa yote, kuifuata Arusha ni nusu siku bila mapokezi, maabara wala dawa. Ya akiba ni ya kawaida, isiyohitaji kupangiwa chochote, hivyo hata nisipokuwepo nesi anaweza kuhamisha kebo.

Mhasibu anasoma tena. “Betri zikichoka?”

Swali zuri sana. Hudumu kama miaka mitatu hadi mitano.

Saa 10. Nimeongeza mstari wa betri mpya kwa mwaka wa tatu, nimechapa upya na kumrudishia. Ameigonga muhuri wa kupokelewa.