Siku niliyosema "huenda Mungu anajua"

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1998, Unguja, darsa la baada ya alasiri. Tulikaa mkekani pembeni mwa msikiti, vijana saba mbele ya Maalim, na zamu ya kufasiri ilikuwa yangu. Aya ilikuwa ya mwisho ya Suratun Nur. Nikasoma "kad yaalamu ma antum alayhi", nikafasiri bila kusita: "Huenda anajua hali mliyo nayo."

Maalim akaweka kidole juu ya msahafu wake. "Nani huenda anajua?"

Nikafungua kinywa kujibu, na hapo ndipo nilipoisikia kauli yangu mwenyewe. Mtendaji wa sentensi ile ni Mwenyezi Mungu.

Sikubuni. Daftarini mwangu mlikuwa na mstari niliouandika kwa wino mwekundu kuhusu kad, lile neno dogo la Kiarabu linalotangulia kitendo: kad pamoja na madhi, yaani kitendo kilichopita, ni hakika, kad pamoja na mudhari, yaani kitendo cha sasa au kijacho, ni huenda. Tulianzia kwenye Ajurumia, kile kitabu kidogo cha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, kinachosema kwamba fiili, yaani kitendo, hutambulikana kwa kad. Hakisemi zaidi ya hapo kuhusu maana yake. Mstari mwekundu niliupata kwa mwanafunzi mwenzangu mkubwa, na ulinitosha kwa miezi, kwa sababu mifano yetu yote iliukubali. "Kad yasdukul kadhubu": muongo huenda akasema kweli. Hapo neno hupunguza. Ni mara mojamoja, ndiyo maana wanahau wakaiita maana hiyo takilili, kutokana na kalili, uchache.

"Mwanangu," Maalim akasema, "kad haijui shaka. Shaka umeileta wewe. Muongo kusema kweli ni jambo la nadra, ndiyo maana kad pale ikawa ya uchache. Je, kujua kwa Mungu ni kwa nadra?"

"Hapana, Maalim."

"Basi hapa ni ya kuhakikisha. Anajua kwa yakini hali mliyo nayo."

Akanifungulia Suratus Saff, aya ya 5, pale Nabii Musa anapowaambia watu wake: kwa nini mnaniudhi, "wakad taalamuna" kwamba mimi ni mtume wa Mwenyezi Mungu kwenu? Hili lanigusa mpaka leo, kwa sababu mtendaji pale si Mungu, ni binadamu, na kwa hiyo kipimo cha "nani anatenda" hakitoshi. Maalim akaniambia nijaribu "huenda" yangu. Kwa nini mnaniudhi, na huenda mnajua kwamba mimi ni mtume? Lawama yote ikaanguka. Asiyejua ana udhuru. Musa analalamika kwa kuwa wanajua. Sentensi yenyewe inaikataa shaka. Na wasomaji wengi hawaisikii hata hiyo kad, kwa sababu katika usomaji herufi yake ya dali inaingia ndani ya herufi ta inayofuata, ikatamkwa "wakattaalamuna". Ukifasiri kwa sikio bila kutazama maandishi, unaweza kuiruka kabisa.

Nikauliza kama basi ile nusu ya kwanza ya mstari wangu ilikuwa sawa, kwamba kad na madhi ni hakika. Nusu tu, akasema. "Kad aflahal muuminuna" ni hakika: bila shaka wamefaulu waumini. Lakini akatuuliza kuhusu ikama. Muadhini anaposema "kad kamatis sala", tumekwisha sali? Hatujasali, ndiyo kwanza tunapanga safu. Hapo kad inakivuta kitendo kilichopita hadi ukingoni mwa sasa. Wanahau wanaiita takribu, na Kiswahili kilichukua shina hilohilo katika takriban.

"Mtafasiri 'sala ilisimama'?" akauliza.

Mwenzangu mmoja akajibu, "Imesimama."

Maalim akafurahi waziwazi. Akasema tuna bahati ya kuwa na "li" na "me" katika lugha yetu. Kwa Kiarabu, "jaa" peke yake hutosha kuwa "alikuja", na huenda alikwisha ondoka. "Kad jaa" ni "amekuja", yupo, au "ameshakuja", mliyekuwa mkimngoja. Tangu siku ile kila ninapokuta kad na madhi, hujaribu "me" na "mesha" kwanza kabla ya kukimbilia "hakika", kwani "hakika" ikitiwa kila mahali hupoteza uzito wake.

Jua lilikuwa limeshashuka. Nikakata mstari mwekundu, na pembeni nikaandika zile aya mbili na namba zake, bila kanuni yoyote. Tukaondoka kwenda kufuturu, na tuliporudi kupanga safu ya magharibi, muadhini alipofika kwenye "kad kamatis sala", nilimwona mwenzangu wa "imesimama" ananitazama.