Fremu ya kioo ya pande nane: viungo viwili vya mwisho vimefunga

Hatimaye imefunga bila kupakwa uji wa gundi na unga wa mbao kuficha nyufa. Mbao ni nane, upana sm 6, ukingo wa nje sm 30. Hesabu yake haina utata: (8 − 2) × 180 = 1080, gawa kwa 8 unapata nyuzi 135 kila kona. Kila kona ina mbao mbili, hivyo kila ncha inakatwa nyuzi 67.5. Msumeno wenye kipimo huhesabu kuanzia mkato ulionyooka, kwa hiyo unausoma 90 − 67.5 = 22.5.

Balaa liko kwenye hiyo nusu. Msumeno ukikaa 23 badala ya 22.5, ncha inatoka nyuzi 67 na kona inakuwa 134. Kiungo kimoja kimoja kinaonekana safi kabisa, lakini kona nane zinatoa 1072. Zile nyuzi 8 zilizopungua hazipotei, zinakungoja mwishoni. Ndiyo maana kuunganisha mbao kwa kuzunguka, moja baada ya nyingine, ni kujitafutia taabu: ubao wa nane unagongana na wa kwanza.

Kilichofanya kazi ni kugundisha nusu mbili, mbao nne nne. Kila nusu, ukiifunga kwa mstari ulionyooka, ni umbo la pande tano, na jumla yake lazima iwe 540. Kona tatu za 134 ni 402. Zinabaki 138, yaani 69 kila mwisho, ilhali ncha imekatwa 67. Zikikutanishwa nusu hizo, kila upande unaachia nyuzi 4, na kwenye kiungo cha sm 6.5 huo ni mwanya wa karibu mm 4.5 upande wa ndani. Mwanya ukiwa nje, basi ncha zimezidi 67.5.

Dawa: laza rula ndefu ya chuma juu ya ncha mbili za nusu moja. Inagusa kwenye ncha za nje tu. Piga randa hapo, kiasi cha mm 2 kwa nje na sifuri kwa ndani, mpaka rula ilale yote. Kipimapembe cha plastiki cha shuleni kiachwe kwenye mkoba, hakiwezi kutofautisha 67 na 67.5 juu ya mbao. Rula inaweza.

Tahadhari moja: jumla ya pembe haijui urefu. Ubao mmoja ukizidi wenzake mm 2, pembe zote zitakuwa sahihi na bado umbo halitafunga. Linganisha mbao zote kwa kuzisimamisha pamoja kabla ya gundi.

Vanishi ilipangwa ifuate, ila sasa akili iko kwenye pande saba: 900 ÷ 7 ni 128.57, kila ncha 64.29, na msumeno hauna alama hiyo. Saba haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo itakuwa mbao nne na mbao tatu. Fungu la mbao tatu, likifungwa kwa mstari, lina pande nne na jumla ya 360: kona mbili za 128.57 zinaacha 51.43 kila mwisho, wala si 64.29.