Siku moja maishani mwangu: kulichora paa la Wete bila picha

Watu wakisikia nafanya kazi ya sola wanadhani napanda juu ya mapaa. Sipandi. Mimi nakaa Unguja, kwenye chumba kimoja chenye feni ya kelele, nachora paneli zikae wapi. Mafundi ndio wanaopanda. Mimi kazi yangu ni kuuliza, na kwa jinsi ninavyouliza, shangazi yangu hunambia ningefaa polisi.

Saa kumi na mbili na nusu nimeshatoka nyumbani. Saa moja na nusu chai na mandazi, michoro miwili ya jana, simu tatu. Hadi saa tatu hapakuwa na la kusimulia.

Saa tatu na robo akanipigia fundi wetu wa Pemba. Simu yake ilitumbukia baharini wakati anashuka bandarini Mkoani, na picha za paa la mzee mmoja wa Wete zimekwenda nayo. Hakuwa amenitumia hata moja, ati bando lilikwisha. Vipimo? "Si nilikuwa na picha, dada." Na mzigo wa mzee yule, paneli nane za wati 450, ulikuwa upakiwe bandarini Malindi, hapa Unguja, jioni hiyo pamoja na reli na vishikio vyake. Vishikio hutegemea aina ya paa na jinsi paneli zinavyolala. Nikikosea, fundi atakaa Wete siku mbili akisubiri boti.

Saa nne nikampigia mwenyewe. Mwalimu mstaafu, ana kitochi, simu ya kupiga na kupokea tu. Mpwa wake mwenye simu ya picha yuko shamba mpaka usiku.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Picha si mmeshapiga?"

Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akanihutubia dakika kumi kuhusu vijana wasiotunza vitu. Nilistahamili. Alikuwa na haki.

Nikaanza na uelekeo. Nikimuuliza mtu kaskazini ni wapi, nusu yao hunionesha upepo unakotoka. Kwa hiyo nauliza hivi: "Mwalimu, ukisali sebuleni unaelekea ukuta gani?" Makka na Pemba zipo karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, kwenye digrii 39.8 mashariki, kwa hiyo kibla chetu ndiyo kaskazini yenyewe. Wazee wetu hata hutumia neno hilohilo kwa vyote viwili. Akajibu: "Ukuta wa mbele, wenye dirisha la njiani." Basi mgongo wa paa unakwenda matlai na magharibi, na upande wa mbele unatazama kibla. Ndio tunaoutaka, maana Wete iko digrii 5 kusini ya ikweta.

Maswali ya mabati yalikwisha upesi. Ya migongo ya mviringo, hayajatoboka, kutu kidogo penye misumari ya mwisho. Nikamwomba mjukuu wake ahesabu mistari ya misumari ya kofia kutoka chini hadi juu, kwa sababu kila mstari una papi, mbao inayobeba bati, chini yake, na vishikio lazima viingie kwenye papi. Skrubu iliyoshika bati peke yake, kusi la kwanza linaing'oa. Na hutobolewa juu ya mgongo wa bati, si bondeni, la sivyo mwalimu atanipigia siku ya mvua.

Mwinuko ndio uliotuchosha. Mwalimu alisema paa ni "la kawaida". Nikauliza kama kuna chumba kisicho na dari. Kipo, stoo. Nikamwelekeza mjukuu: fimbo ya mita moja, ncha yake iguse mbao ya kenchi upande wa chini, fimbo ilale sawa, chupa ya maji nusu iwekwe juu yake kuhakikisha haijainama. Kisha kwenye ncha ya pili apime kutoka kwenye fimbo kwenda juu mpaka kwenye mbao. Mara ya kwanza akasema sentimita 60. Hiyo ingekuwa digrii 31, paa la makuti hilo. Kumbe alipima mshazari mpaka kwenye bati la upande wa pili wa paa. Mara ya tatu ikaja 27. Digrii 15. Kutoka ukutani na upenu wake mpaka chini ya mgongo ni mita 4.5 kwa usawa, kwa hiyo mteremko wenyewe una mita 4.66. Urefu wa paa mita 11.

Nikadhani nimemaliza. Ilikuwa adhuhuri.

"Kuna mti karibu?"

"Upo mwembe mbele, pembe ya matlai. Lakini kivuli chake hakifiki nyumbani kabisa. Hata sasa natazama."

Hapa ndipo nilipokaa wima. Tulikuwa mwisho wa Oktoba. Jua mwezi huo limeshatupita kwenda kusini, kwa hiyo mchana kivuli cha mwembe ule kinaanguka upande wa kibla, mbali na nyumba. Mwalimu hasemi uongo, anasema Oktoba. Mwezi wa Juni jua linakuwa kaskazini, na kivuli kinageuka.

Akakataa. Ameishi pale miaka arubaini, mimi niko Unguja. Tulivutana mpaka nikasikia njaa. Mwisho nikaomba niseme na bi mkubwa.

"Bibi, wakati wa kipupwe karafuu unaanika wapi?"

"Nyuma, mwanangu. Mbele mwembe unanitia kivuli asubuhi yote."

Nilimsikia mwalimu akikohoa pembeni.

Baada ya chakula nikawarudia. Mjukuu akasimamisha fimbo ya mita moja uani, kivuli chake sentimita 96. Palepale akapima kivuli cha mwembe kutoka shinani: mita 11 na nusu. Gawa, unapata mwembe wa mita 12. Uko mita 6 kutoka ukutani. Upenu uko mita 3 juu, kwa hiyo mita 9 za mti zinasimama juu ya ukingo wa paa. Juni saa tatu asubuhi kivuli chake kinalala kuelekea kusini magharibi, na kwa hesabu yangu kinapanda mita moja na kitu ya chini ya paa. Si kingi. Lakini paneli zimefungwa kwa mfululizo, na kivuli kwenye mbili tatu kinaweza kuzivuta zote.

Mpwa alipopigiwa huko shamba akasema tuzipeleke nyuma basi. Kwa mwaka mzima hasara yake ni asilimia chache tu. Ila Juni mchana, upande wa kusini wa digrii 15 unapokea pungufu kama robo ukilinganisha na wa kibla. Na kukata mwembe, mwalimu hataki kusikia.

Nilikuwa nimetaka safu moja ndefu, paneli zimesimama. Nikazilaza. Tatu, tatu, mbili, zimebanwa upande wa magharibi na kusogezwa juu: upana mita 6.3, kina mita 3.2. Sentimita 40 zinabaki chini ya mgongo, na mita moja ya chini tumeuachia mwembe. Orodha ya reli ikabadilika yote. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Dereva wa mzigo alipiga honi mara mbili nje.

Usiku, nimeshanawa miguu, picha ikaingia kutoka kwa mpwa. Mabati ya mviringo, sawa. Mwembe pembe ya matlai, sawa. Na upande wa magharibi, juu kabisa, palepale nilipoweka safu ya kwanza, dishi la televisheni.

Nikampigia mwalimu.

"Aa, lile? Halishiki tangu mwaka juzi. Hukuniuliza dishi."