Siki haiui minyoo: jinsi ninavyoandaa samaki wabichi nyumbani Malaga

Katika mji wa Malaga, kusini mwa Hispania, ni vigumu kukosa bokerone wa siki katika baa yoyote. Ni samaki wadogo wanaofanana na dagaa mcheli wa kwetu, ambao hupasuliwa na kutolewa mwiba, hulazwa katika siki na chumvi mpaka nyama igeuke nyeupe, kisha humwagiwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Mimi hufanya kazi ya jikoni huku, na nyumbani pia huwaandaa, lakini kabla ya kuwatia siki huwagandisha. Shemeji yangu alipokuja kututembelea kutoka Mombasa na kuniona nikiwapanga samaki hao frizani, alishangaa: "Shemeji, sasa siki ni ya nini? Si ndiyo inayopika?"

Swali lake lilikuwa na msingi, kwa sababu asidi ya siki au ya ndimu hubadilisha protini za samaki kwa namna inayofanana na moto, na nyama iliyokuwa angavu hukakamaa na kuwa nyeupe. Zaidi ya hayo, sisi wa pwani tumezoea kupaka samaki ndimu ili kuondoa shombo, na shombo likishakwisha tunahisi samaki ametakasika. Kwa kweli ndimu huzuia tu zile kemikali zenye harufu zisiruke hewani, kwa hiyo inaweza hata kutuficha dalili kwamba samaki ameanza kuharibika.

Hofu kubwa kwa bokerone ni mnyoo uitwao anisaki. Akiwa mkubwa huishi ndani ya tumbo la nyangumi na pomboo, na wale wachanga, wenye urefu wa sentimita 2 au 3 na waliojikunja kama springi, hukaa ndani ya samaki wanaoliwa na wanyama hao. Kiumbe ambaye makazi yake ni tumbo lenye asidi hawezi kutishwa na bakuli la siki, wala na ndimu iliyokamuliwa kwa muda mfupi. Mtu akimmeza akiwa hai, mnyoo huyo huweza kujichimbia katika ukuta wa tumbo, na maumivu makali pamoja na kutapika mara nyingi huanza ndani ya saa chache.

Kwa hiyo nikifika nyumbani kutoka sokoni, kazi ya kwanza ni kutoa vichwa na matumbo bila kuchelewa, maana minyoo mingi huwa matumboni na baadhi huhamia kwenye nyama baada ya samaki kufa. Kuwatazama kwa macho hakutoshi, kwa kuwa mnyoo mweupe ndani ya nyama nyeupe hujificha vizuri. Baada ya kuwaosha kwa maji ya barafu, huwapanga katika safu moja nyembamba ndani ya mfuko na kuwatia frizani.

Sheria ya Hispania inazitaka hoteli na mikahawa kugandisha samaki wa kuliwa wabichi au wa siki kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa muda usiopungua saa 24. Friza ya nyumbani huchelewa kufikia baridi hiyo, na ndiyo maana mamlaka ya usalama wa chakula huwashauri watu wa majumbani wangoje siku 5. Mimi siamini namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha friza. Huweka kipimajoto katikati ya mifuko, na siku huanza kuhesabika pale kinapofika nyuzi 20 chini ya sifuri, wala si pale nilipofunga mlango. Friza ikijazwa vitu vingi vya moto-moto kwa wakati mmoja, tofauti hiyo huwa kubwa. Baadaye samaki huyeyuka ndani ya jokofu, si juu ya meza, na hapo ndipo siki hupata nafasi yake, ambayo ni kutia ladha na kuipa nyama ugumu.

Shemeji aliridhika, ila akadhani sasa friza ndiyo dawa ya kila kitu. Sivyo. Bakteria wengi hulala tu kwenye baridi na huamka samaki anapoyeyuka. Histamini nayo, sumu inayojengeka katika samaki wa aina hii wakiachwa kwenye joto, haiondolewi na friza, wala siki, wala hata moto wa kikaango, kwa hiyo samaki ambaye hakulala kwenye barafu sokoni simnunui. Na mgeni aliyeambiwa na daktari kuwa ana mzio wa anisaki simpi bokerone hata kidogo, kwa kuwa mnyoo aliyekufa bado ana protini zinazoweza kuamsha mzio huo. Huyo mimi humkaangia kuku.